Ngazi ya Mwalimu Nazario

Mwalimu Nazario alikuwa na shule ya Kiingereza pale Magarama, mjini Gitega, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, na shule nzima ilisimama juu ya kanuni moja. Aliiita Kanuni ya Ngazi: sentensi ya Kiingereza hupanda mwishoni. Ukiuliza, panda. Ukijibu, panda. Ukitaja jina lako mwenyewe, panda. Ukishuka, umemtukana mtu.

Alikoipata kanuni hiyo ni hadithi ya aibu, ila yeye aliisimulia kifua mbele. Miaka kumi iliyopita alikuja Gitega binti mmoja mwanafunzi kutoka ng'ambo, akakaa wiki sita. Binti yule, kama vijana wengi wa kwao siku hizi, alipandisha sauti mwisho wa kila alichosema, hata akitaja jina lake ungedhani anaomba umthibitishie. Nazario akaandika yote daftarini, akachora mishale ya kwenda juu, na binti alipopanda ndege kurudi kwao, huku nyuma akaachwa profesa.

Watu nao wakaipenda kanuni, maana iliwakuta wameshalelewa hivyo. Nani Gitega anamwambia mkubwa neno la kukata, kama anamfungia mlango usoni? Unaacha mwanya kidogo, mkubwa apitishe lake. Kwa hiyo darasa zima lilipanda ngazi, jioni baada ya jioni, na debe tupu likaendelea kuvuma.

Mwanafunzi aliyepanda kuliko wote alikuwa Marceline, Mkongomani wa Uvira aliyeishi mtaa wa Yoba na wanawe wawili, akiuza dagaa sokoni. Kiswahili chake na Kifaransa havikuwa na shida. Kiingereza alikisoma miaka mitatu mikono ikinuka dagaa, kwa sababu moja: huko Muyinga kulikuwa na ofisi ya kusikiliza wakimbizi, na ofisi hiyo ilitafuta mkalimani. Alipoitwa kwa jaribio, hakulala. Nazario akajikaribisha safarini. Alitaka ofisi ile iipe shule yake mkataba wa kufundisha wakalimani wote, na njia nzima, ndani ya taksi, hakufunga mdomo.

"Dada Marceline, kumbuka ngazi," alisema walipofika. "Wazungu wanapenda adabu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Jaribio halikuwa la karatasi. Lilikuwa kazi yenyewe. Nazario aliambiwa asubiri kwenye benchi la barazani, mlango ukafungwa. Ndani alikuwa Madamu Hilary, Mwingereza wa makamo mwenye miwani shingoni, na mbele yake Mama Paskazia, mkimbizi wa Kongo kutoka Fizi. Shauri lilikuwa fupi na zito. Paskazia alikuwa akimlea Ruth, msichana wa miaka sita, mtoto wa dada yake aliyekufa njiani. Karatasi hawakuwa nazo. Asubuhi ile ofisi ingeamua kama Ruth abaki kwenye faili la mama yake mdogo, ao apelekwe kwa familia nyingine, kambi nyingine.

Madamu akauliza dada alizikwa wapi. Marceline akashtuka kidogo. Swali lilikuwa swali, lakini sauti ya Madamu ilishuka mwishoni, taratibu, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Labda ana hasira, Marceline akawaza. Hakuwa na hasira yoyote. Waingereza wakiuliza wapi, nani, lini, kwa kawaida hushuka, kwa sababu lile neno la kuuliza limeshafanya kazi yake. Nazario hakuwahi kulisema hilo. Angelijua wapi?

"Tulimuzika karibu na mutoni," Paskazia akasema. "Mi mwenyewe nilichimba. Huyu mutoto ni wa dada yangu."

Marceline akatafsiri, neno kwa neno, bila kosa hata moja. Na kila sentensi akaipandisha ngazi, kwa heshima zote alizofundishwa. Tulimzika karibu na mto? Nilichimba mwenyewe? Huyu mtoto ni wa dada yangu?

Kalamu ya Madamu ikasita. "Je, ulimwona dada yako akiwa amekufa?" akauliza, na safari hii sauti yake ikapanda, maana hilo ni swali la ndiyo ao hapana.

"Nilimuosha," Paskazia akasema.

Nilimwosha? akatafsiri Marceline.

"Well," akasema Madamu. Neno dogo, ila lilishuka kisha likajiinua mkiani, na hata asiyejua Kiingereza angesikia mle ndani kuna lakini. Marceline akatupa jicho kwenye karatasi. Hakuhitaji miwani. Kila jibu la Paskazia lilikuwa limeandikwa na alama ya kuuliza mbele yake. Chini, kwa herufi kubwa: hana hakika.

"Samahani, mkalimani," Madamu akasema kwa upole. "Huyu mama ananiambia, ao ananiuliza?"

Jamani, kuna aibu inayoanzia miguuni. Marceline aliisikia ikipanda. Miaka mitatu alilipia masomo ili amfanye mwanamke aliyeosha maiti ya dada yake aonekane hajui kama dada amekufa. Akamtazama Paskazia aliyekaa mgongo wima. Huyu hakuwa akiuliza kitu. Marceline angeweza kunyamaza, kazi isimpotee. Mkalimani anayekiri kosa siku ya jaribio, nani atamchukua? Lakini Ruth alikuwa nje akimsubiri mama yake mdogo.

"Madamu, shaka ilikuwa yangu," akasema kwa Kiingereza, polepole, akiishusha sauti. "Si yake. Yeye hana shaka. Naomba nirudie."

Akamweleza Paskazia anachorudia na kwa nini. Kisha akarudia, na safari hii kila sentensi akaishusha mpaka chini na kuiacha pale. Tulimzika karibu na mto. Nilimwosha. Huyu mtoto ni wa dada yangu. Ilimuuma kusema hivyo, alijihisi anamgombeza mkubwa. Madamu hakugombezeka. Alisikiliza, akauliza mengine ishirini, majina, njia, siku, na majibu yakakubaliana. Alama za kuuliza akazifuta moja moja.

"Mtoto atabaki na wewe," akasema mwishoni. Kisha, kwa Marceline: "Na wewe utaanza Jumatatu. Wanaokiri kosa ni wachache."

Paskazia alikuwa bado anatia dole gumba kwenye karatasi mlango ulipofunguliwa, Nazario akaingia na tai yake, mkono mbele. Akajitambulisha, jina likiwa juu darini. Akaisifu shule. Akamalizia kwa kile kijimkia cha Kiingereza cha kusema, si ndivyo? Kijimkia hicho kina njia mbili. Ukikishusha, unajua jibu, unamwomba mtu akubali tu. Ukikipandisha, unauliza kweli, na mtu ana ruhusa ya kujibu anavyotaka.

"Tutapata mkataba, si ndivyo?" akasema Nazario, akapanda ngazi mpaka kipago cha mwisho.

"No," akajibu Madamu Hilary.

Nazario akabaki akitabasamu, akingoja mwendelezo. Akamgeukia Marceline. "Amemaanisha nini, dada? Atafikiri kwanza?"

Marceline akafungua mdomo, lakini Mama Paskazia, asiyejua neno moja la Kiingereza, alikuwa anajipangusa wino kidoleni.

"Mwalimu," akasema, "hiyo hata mi nimesikia."