Mchezo Wangu Uliotoweka Ujerumani

Naapa kwa meno yangu ya bandia, haya yote ni kweli. Mchezo wa kompyuta niliouunda mwenyewe, wa kufuga nyuki, ulitoweka kwenye duka la mtandaoni hapa Ujerumani, ilhali nchini Austria uliendelea kuuzwa. Nikamwambia jirani yangu Wiebke kwamba serikali imeupiga marufuku, na akinionyesha kwamba nimekosea nitamnunulia keki.

"Tujifanye tuko Austria ili duka lituonyeshe mchezo," nikashauri.

"Huko ni kuvunja masharti ya duka, mzee Gerold. Hapa mchezo usio na alama ya umri unaofaa kuucheza hufichwa. Aliyeuunda akijaza fomu ya maswali ya kupata alama hiyo, bure kabisa, unarudi. Aliyeuunda si wewe?"

Nikafungua barua pepe. Fomu ilikuwa ikinisubiri tangu Novemba.

Wiebke alichagua keki ya matufaha, na krimu juu.