Siti ya Keki

Tangu Quillacollo mpaka kituo cha mabasi cha Cochabamba, Fidelia Condori alikuwa akilirudia swali moja kimoyomoyo kwa Kihispania. Kikwechua ndicho alichozaliwa nacho. Kihispania alikiokota sokoni, na cha sokoni hakitoshi dirishani. Sokoni ukikosea unacheka na mteja anacheka. Dirishani ukikosea unaambiwa "anayefuata".

"Basi la Oruro la saa tatu," alisema alipofika mbele ya kioo, "linatoka njia ya ngapi?"

Lilitoka sawasawa, neno kwa neno. Moyo ukamtua.

"Halitoki, mama," alijibu msichana wa tiketi. Jina lake lilikuwa limeshonwa kifuani: Yobana. "Mlima umeporomoka barabarani, basi letu limekwama huko huko. Ninyi mtaunganishwa na la saa tano. Subiri hapo, nitawaita."

"La saa tano linakuja kweli?"

"Linakuja sasa hivi."

Fidelia akarudi kwenye benchi kulinda mzigo wake. Lilikuwa sanduku la mbao, refu kama mtoto wa miaka mitano aliyesimama, limefungwa kwa shuka nyeupe. Ndani yake mlikuwa na keki ya ghorofa tatu, maua ya sukari na njiwa wawili juu. Mpwa wake Nayra alikuwa anaolewa Oruro kesho adhuhuri. Kwao harusi haibebwi na mtu mmoja: kuna mlezi wa pete anayeigharamia na kuileta, kuna mlezi wa bendi, na Fidelia ndiye aliyejitolea mbele ya ukoo mzima kuwa mlezi wa keki. Mlezi wa keki akifika bila keki, afadhali asifike. Miaka miwili nyuma kulikuwa na mama mmoja aliyeitia keki yake kwenye buti ya basi, chini ya magunia ya viazi, ikafika uji. Mpaka leo watu wakimwona wanaomba kijiko.

Kwa hiyo jana yake Fidelia alinunua tiketi mbili, siti zilizo pamoja, ya dirishani iwe ya keki. Ila tiketi ya basi huandikwa jina na namba ya kitambulisho, naye aliona aibu kusema siti ni ya keki, asije akachekwa. Akatoa jina la mumewe, Eusebio, na namba yake, ambayo anaijua kwa kichwa kuliko siku yake ya kuzaliwa. Eusebio mwenyewe alikuwa nyumbani na ng'ombe wake.

Pembeni mwa benchi alikaa mzee mnene amekumbatia tarumbeta kubwa la shaba, lile la mdomo mpana kama karai la kufulia. Alijitambulisha kuwa Saturnino, mpigaji wa bendi, naye anaelekea Oruro.

"Mama, huyo uliyemvisha shuka ni nani? Maiti?"

"Maiti ni huyo wako asiye na nguo."

Mzee akacheka mpaka tarumbeta likavuma. Kusubiri kulikuwa kurefu, na Fidelia hakujua kusubiri bila kutega. "Kitendawili."

"Tega."

"Ukimwuliza asubuhi atasema sasa hivi. Ukimwuliza jioni atasema sasa hivi."

"Huyo ni binti wa dirishani."

"Nawasikia," alisema Yobana kwenye kipaza sauti, na benchi zima likacheka.

Lakini kipaza sauti hakikunyamaza. "Abiria wa Oruro wa saa tatu, pangeni foleni mgongewe muhuri. Kila mwenye tiketi aje mwenyewe na kitambulisho chake. Asiyekuwepo, siti yake apewe anayesubiri."

Fidelia alizitazama tiketi zake, moja ya kwake, moja ya Eusebio. Alisogea dirishani na tiketi zote mbili mkononi.

"Na huyu Eusebio?" Yobana aliuliza.

"Yuko... anakuja."

"Aje basi. Sikukuu ya kanivali ya Oruro imekaribia, nina watu kumi wanaililia siti hiyo."

"Na nikitaka kurudishiwa nauli, niende na kampuni nyingine?"

"Haki yako, tena nauli nzima, maana kuchelewa ni kwetu. Ungeghairi mwenyewe ningekukata kidogo. Lakini ya Eusebio nitamrudishia Eusebio. Na kampuni nyingine, mama yangu, nenda kaulize, zote zimejaa mpaka usiku."

Alikwenda, akauliza. Dirisha la kwanza walitikisa kichwa kabla hajamaliza kusema. La pili walimwonea huruma: siti moja ipo, sanduku liingie butini. Butini! Akarudi benchini akakaa akiwa ameshika sanduku kwa mikono miwili. Amwite Eusebio? Mpaka afunge ng'ombe, mpaka apate gari, la saa tano litakuwa limeshapanda milima. Apande peke yake, keki aipakate? Sanduku lilikuwa linamzidi kifua.

Saturnino alikuwa amerudi kutoka foleni akipepea karatasi. "Tumegongewa, mimi na bibi yangu."

"Bibi yupi?"

"Huyu." Akapiga shaba kwa kiganja. "Butini wanampinda. Namnunulia siti kila safari."

"Kwa kitambulisho cha nani?"

"Changu, cha nani tena? Tazama."

Fidelia akatazama. Tiketi mbili, namba za siti zinafuatana, na zote zimeandikwa Saturnino Quispe, Saturnino Quispe. Akamtazama mzee, akazitazama tena tiketi. Kumbe mtu mmoja anaweza kukaa mara mbili.

Foleni ilikuwa imebaki watu wawili. Alipofika kwenye kioo, Kihispania alichokipanga kilimtoroka chote, akazungumza Kikwechua kama aliye jikoni kwake.

"Mwanangu, Eusebio haji. Nilikudanganya. Ile siti ni ya keki ya harusi, mimi ndiye mlezi wake."

Yobana aliinua macho. Alijibu kwa Kikwechua kilekile, taratibu. "Ghorofa ngapi?"

"Tatu. Na njiwa."

"Sasa mama, si ungesema jana? Wiki hii nimeuza siti ya tarumbeta na siti ya mtakatifu wa kanisa. Keki ndiyo ishindikane?" Alivuta tiketi ya Eusebio, akaifuta kwenye mashine, akachapa nyingine. "Basi halijaondoka, jina linabadilishwa. Lingeondoka, ningelia pamoja nawe. Haya, mbili kwa jina lako. Njia ya kumi na nne, siyo ile ya basi la saa tatu. Na usisahau kulipia ushuru wa kituo, vikaratasi viwili."

"Hata keki inalipa?"

"Siti ndiyo inayolipa, mama."

Fidelia aliupapasa mkono wa msichana kupitia tundu la kioo.

Basi liliingia njia ya kumi na nne likiwa na matope mpaka madirishani. Saturnino alishika upande mmoja wa sanduku, Fidelia upande mwingine, wakalipandisha ngazi kwa kinyumenyume huku mzee akiwafokea watu wampishe bibi harusi. Wakaliweka dirishani, wakalifunga kwa kanga yake ya kubebea mzigo, mafundo mawili. Fidelia alilisukuma kidogo. Halikutikisika.

Konda alipita na orodha. "Fidelia Condori."

"Nipo."

Akashuka mstari mmoja kwenye orodha. "Fidelia Condori."

"Nipo," alisema tena, mkono juu ya shuka.

Konda aliangalia sanduku, akaangalia orodha, akatia alama mbili. Basi likaanza kurudi nyuma polepole. Fidelia akavua viatu, akafumba macho, na kabla hawajatoka hata mjini alikuwa amelala, shavu lake limeegemea keki.