Jua Halipenyi Tope

Daphrose alikuwa akimenya mihogo mlangoni kwake Buterere, pembezoni mwa jiji, gari jeupe liliposimama dimbwini. Akashuka kijana mgeni mwenye gunia la chupa tupu za plastiki, viatu vinang'aa kana kwamba vita viko nchi nyingine.

"Mama, mi naitwa Rénovat, wa mradi wa maji. Mwanga wa jua utaua vijidudu, bure."

"Hapa cha bure ni risasi tu, mwanangu."

Bomba lilikuwa kavu tangu mapigano yakate njia ya maji, na watu walikunywa maji ya mfereji. Bintiye, Spès, alikuwa ndiyo kwanza apone kuhara. Muuguzi alisema hatavumilia kuhara kwingine.

"Nitayanywa mimi kwanza kabla yake," Rénovat akaahidi.

Mkuu wake, Bwana Révérien, alibaki garini na kamera, mtu wa kujitolea sana kwa maskini alimradi vioo vimefungwa. Ofisini kwake Rohero, katikati ya mji, alikuwa na taa ya miale ya kuua vijidudu, iliyofanya kazi kubwa ya kusafisha maji ya bomba yaliyokwisha kuwa safi. Buterere, pasipo umeme, walistahili jua.

Chupa zikajazwa maji ya mfereji, zikalazwa juu ya bati. Zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Rénovat akateremsha moja, akaisimamisha juu ya gazeti na kuchungulia kwa mdomo wa chupa. Kichwa cha habari chenye herufi nene hakikuonekana.

"Patron, hayafai. Tope linazuia miale, vijidudu vinajificha nyuma yake. Hata taa yako ingeshindwa."

Révérien akashusha kioo kidogo, akamnyooshea kamera. "Piga picha kwanza. Wafadhili hawanywi picha."

"Mtoto atakunywa maji."

"Basi baki naye. Na kazi usirudi kuitafuta."

Gari likaondoka, likimwagia tope viatu vile vizuri.

"Umefukuzwa kwa sababu ya maji machafu?" Daphrose akauliza. "Sisi tunayanywa na hatufukuzwi."

Rénovat akanunua shabu, jiwe jeupe la kukausha mikwaruzo ya wembe, kwa Anouar, kinyozi wa mtaani, akaikoroga ndani ya ndoo. Tope likatulia chini usiku kucha. Alfajiri wakamimina maji ya juu kupitia kitambaa, wakajaza chupa. Safari hii gazeti likasomeka: amani ilikuwa karibu, kama kawaida. Wakazilaza juani, naye Rénovat akaenda mjini kuomba arudishiwe kazi yake. Hakuipata.

Jua likawaka siku nzima. Alasiri barabara ya kaskazini ikafungwa, milio ikisikika mbali. Daphrose akaficha chupa, akamwambia Spès asubiri Rénovat anywe kwanza.

"Hatakuja, maman. Nani angekuja?"

Akaja kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga, tope hadi magotini, kiatu kimoja mkononi.

"Umechelewa," akasema Daphrose.

Rénovat akafungua chupa, akanywa nusu, akampa Spès.