Agizo Lililosogezwa

Kila Ijumaa, soko la Chicago likishafunga, wafanyabiashara wa kampuni moja ya kununua na kuuza mikataba ya mazao walijiandikia tathmini ya wiki na kuipeleka kwa Lorna Pettibone, msimamizi wa hatari za hasara. Ijumaa moja mmoja wao, Lenny Wojcik, aliandika ya kwanza, akaifuta. Alikuwa amesema soko lilikuwa na wanunuzi wachache na ripoti ya mavuno imewashtua wote. Yote kweli, ila Lenny mwenyewe hakuwemo.

Jumatano alinunua mikataba kumi ya soya na kuweka agizo la kukata hasara senti sita chini: bei ikigusa pale, iuzwe, yaishe. Bei ilipokaribia, akalisogeza hadi senti kumi na mbili. Ikamfuata huko huko. Akalifuta kabisa, akabaki kuibembeleza skrini, hadi kikomo cha hasara cha siku kikafika na mashine ya kampuni ikauza mikataba yake kwa nguvu. Hasara ikawa dola elfu kumi, badala ya elfu tatu.

Hilo Lorna alilijua. Asilolijua ni la wiki iliyotangulia, Lenny aliposogeza agizo vilevile, bei ikageuka, naye akatoka na faida. Tathmini yake wiki ile ilisifu subira. Sheria ya kampuni ilikuwa wazi: agizo la kukata hasara halisogezwi, na ukivunja hilo mara mbili kwa mwezi, unapoteza kiti chako cha biashara. Na mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Ile faida ndiyo iliyomharibu. Akaogopa, lakini akaandika yote mawili.

Lorna alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti.

“Hii ya faida, mbona unaniambia leo?”

“Kwa sababu Jumatano ilianzia pale.”

“Ungenyamaza, nisingejua. Rekodi za waliopata faida huwa sizifungui.” Akasugua macho. “Huo ni ujinga wangu, si wako.”

“Basi nibakishe, bosi.”

“Sibakishi mtu, Lenny. Sheria nikiisogeza kwa ajili yako, nami nimefanya ulichofanya wewe.”

Ilimuuma Lenny, tena ilimuuma zaidi kwa kuwa ni haki. Akapewa akaunti ya mazoezi, ya pesa za kwenye skrini tu, hadi amalize miezi mitatu bila kusogeza agizo hata moja.

Jumatatu aliketi pembeni, akanunua mkataba mmoja wa bandia, akaweka agizo lake senti sita chini. Bei ikashuka pole pole. Wenzake walikuwa wakitaniana kuhusu mechi ya jana. Mkono wake ukaenda kwenye kipanya wenyewe, akaukalia. Bei ikaligusa agizo, mkataba ukauzwa. Dakika chache baadaye bei ikapanda, ikapita pale aliponunulia.

Lenny akatukana kimoyomoyo, akaendelea kuukalia mkono.