Hata Katika Dua

Maneno "hata katika dua" niliyaandika mimi. Nasema mapema ili asije akatafutwa mchawi mwingine.

Mimi ni katibu wa baraza la viongozi wa dini. Kazi yenyewe ni kupiga chapa, kupiga simu na kupatanisha wazee ambao kila mmoja amezoea kuongea peke yake huku watu mia tano wamenyamaza. Wiki tano kabla ya uchaguzi walikaa siku tatu kwenye chumba cha mikutano, madirisha wazi, kuandika tamko. Baraza letu halipigi kura. Sentensi isiyokubaliwa na wote haitoki, na neno moja linaweza kula asubuhi nzima.

Mengi yalipita bila shida. Kila mtu achague kwa dhamiri yake. Nyumba za ibada zisiazimwe kwa mikutano ya kampeni, na zawadi za wagombea zisipokelewe hadi matokeo yatangazwe. Kiongozi wa dini anayetaka kugombea au kumpigia mtu debe akabidhi kwanza madaraka yake. Asiyeridhika na matokeo aende mahakamani, asiende barabarani. Tulikwama kwenye kifungu cha sita: jina la mgombea lisitajwe mimbarini. Nikapendekeza tuongeze "hata katika dua", maana nawajua wazee wangu. Wakizuiwa kusema kwenye mahubiri, watasemea kwenye maombi wakiwa wamefumba macho.

Shehe, mwenyekiti wetu, alikataa. "Dua haina chama, binti yangu. Mtu akiugua nisimwombee kwa sababu picha yake iko ukutani?"

Aliyemjibu alikuwa baba yangu. Baba ni mchungaji, na yeye na shehe wametaniana miaka thelathini. "Mzee mwenzangu, mwanangu wa mwisho anagombea ubunge. Ukiniachia mlango huo, nitakuwa wa kwanza kupita. Andika, katibu. Na uongeze: ndani ya nyumba ya ibada na katika uwanja wake, maana najijua, nitatoka nje nikasimame kibarazani."

Walicheka, na shehe akakubali. Nilijivunia baba siku ile kuliko siku yoyote.

Tamko likasainiwa na wote na kugongwa muhuri, nakala zikaenda tume ya uchaguzi, vyama vyote na vyombo vya habari. Lilitakiwa kusomwa kila mahali katika wiki ya mwisho kabla ya kura, Ijumaa kwa wengine, Jumamosi au Jumapili kwa wengine, neno kwa neno, bila kuongeza wala kufafanua. Kila msomaji angejaza fomu yenye maswali matatu na kuirudisha ofisini.

Ijumaa ya wiki hiyo ya kusoma, alasiri, gari la mdogo wangu, yule mgombea, lilipinduka akitoka kwenye kampeni. Askari wa usalama barabarani walituonyesha tairi lililopasuka, na dereva mwenyewe alisema hivyo hivyo. Lakini nani anasikiliza tairi? Hadi Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulikuwa na hakika kwamba wapinzani ndio waliomfanyia, na vijana wa chama chake walikuwa wamekaa vikundi vikundi mbele ya maduka, hawanunui kitu. Madaktari walisema watampasua kichwa Jumapili saa tatu, kuondoa damu iliyovilia. Hawakutuahidi chochote.

Meneja wake wa kampeni alikuja nyumbani amevaa uso wa msiba, simu mkononi. Yule bwana angeweza kuomba kura kwenye mazishi ya mama yake. "Baba mchungaji, kesho umtaje tu. Jina lake, basi. Watu wanasubiri. Mimi nitarekodi."

"Tamko nitalisoma mimi mwenyewe kesho," baba alisema.

"Lakini ni mgonjwa, baba. Mgonjwa haombewi?"

Mama ndiye aliyejibu, na alinigeukia mimi. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ulikaa na kalamu yako ukaandika baba asimwombee mwanawe. Uliwaza nini?"

Sikuwaza kitu, ndiyo kweli yenyewe. Niliwaza wagombea wa watu wengine. Mkuki kwa nguruwe. Niliingia jikoni nikalia, nikamchukia baba kwa kunyamaza, nikajichukia zaidi.

Jumapili kanisa lilijaa hadi milangoni. Vijana wa chama walikaa safu za nyuma, mikono kifuani, na meneja karibu nao. Mama alikaa mbele, hakunisogezea nafasi. Baba alisoma tamko kuanzia salamu hadi muhuri. Kifungu cha sita alikisoma kwa sauti ile ile ya kifungu cha tano. Kisha yakafika maombi ya wagonjwa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi, na sote tulijua kisu kimeshaanza kazi.

"Tuwaombee wagonjwa wote," baba alisema, akanyamaza.

Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa mimbari. Nyuma kijana mmoja alikohoa kwa makusudi. Nilitamani alitaje jina la mdogo wangu. Mimi, katibu, nilitamani avunje kifungu changu mbele ya watu wote.

"Amina," alisema.

Mama aliinamisha kichwa. Ibada ikaendelea hadi mwisho, baraka ikatolewa. Hapo baba hakusimama mlangoni kuaga watu kama siku zote. Alivua joho, akalikunja, akanikabidhi. Akashuka ngazi na fimbo yake, akapita kibaraza, akakata uwanja wote, akatoka langoni. Watu wakamfuata kwa macho, kisha kwa miguu, wakaishia kwenye ukuta wa uwanja. Mama peke yake alitoka naye.

Alivuka barabara akasimama upande wa pili, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa. Meneja alikimbia na simu yake.

"Zima hiyo, mwanangu," baba alimwambia. "Hapa hakuna mchungaji. Kuna mzee tu anayeongea na Mungu wake."

Meneja akaizima. Hilo sikulitegemea.

Baba akapiga magoti kwenye vumbi, akamtaja. Jina la ubatizo, jina la babu, na lile la utani tulilomwita alipokuwa hataki kuvaa viatu. Hakutaja ubunge wala chama. Alimwomba Mungu amrudishie mtoto, na sauti ikamkatika kama inavyomkatika mtu yeyote. Mama alimshika bega. Huku upande wetu, vijana wa safu za nyuma walishusha mikono, na mmoja wao akavua kofia ya chama akaificha mfukoni. Nilisikia "amina" zikitoka kwa watu ambao najua hawangempigia mdogo wangu kura hata kwa dawa.

Mdogo wangu alizinduka saa kumi jioni, akaomba maji. Mtaa ule ulilala salama hadi siku ya kura na baada yake. Kura zenyewe hazikumtosha.

Jumatatu, kesho yake baada ya ibada ile, baba aliniletea fomu. Je, tamko limesomwa lote? Ndiyo. Je, kuna neno lililoongezwa? Hapana. Je, jina la mgombea yeyote limetajwa? Hapo baba, ambaye angeweza kuandika hapana na asiwe mwongo, aliandika: "Limetajwa. Ng'ambo ya barabara, nje ya lango, na baba yake. Baraza liamue."

Niliipeleka kwa shehe. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha kwenye nafasi ya uamuzi wa mwenyekiti akaandika neno moja, akatia saini.

"Amina."