Pumzi Ishirini za Hyasinta

Sista Severa alikuwa na namba yake aipendayo, nayo ni ishirini. Mgonjwa awe na nafuu, awe mahututi, kwenye safu ya pumzi aliandikiwa ishirini. Wanafunzi wa uuguzi katika hospitali ndogo ya mtaa wa Gerezani walimuiga, maana yeye ndiye aliyewafundisha.

Cha kuchekesha, karatasi ya somo, ile ya stensili yenye wino uliofifia, alikuwa akiigawa yeye mwenyewe. Ilisema wazi: mtu mzima aliyetulia hupumua mara kumi na mbili hadi ishirini kwa dakika; mapigo ya moyo sitini hadi mia; joto karibu thelathini na saba; presha karibu mia na ishirini kwa themanini. Pumzi zikizidi na homa ipo, shuku mapafu. Mapigo yakipanda huku presha ikishuka, kimbia umwite daktari.

Siku moja alimkuta Evarista ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa, macho yakiwa kifuani, anahesabu dakika nzima.

"We Evarista! Umekuja kuhesabu pumzi au kufanya kazi? Karatasi ni ya mtihani. Wodi ina wagonjwa arobaini!"

"Samahani, Sista."

Evarista aliinamisha kichwa ili chuki isionekane. Miaka mitatu nyuma mama yake, Hyasinta, muuza vitumbua wa Msimbazi, alilala wodi hiyohiyo na homa na kifua kinachopanda na kushuka kama mvukuto. Chati yake ilisema ishirini, ishirini, ishirini. Daktari aliisoma akapita. Mama alikata roho mkononi mwa Evarista adhana ya alasiri ikiadhiniwa, saa kumi haijafika. Alipokuja kuchukua vitu vya marehemu, Evarista aliichomoa ile chati kitandani, akaificha ndani ya kanga. Akaomba chuo cha uuguzi. Watu walimsifu kwamba ana moyo wa huruma. Huruma gani! Alikuwa anamfuata mtu.

Na mwosha huoshwa. Jumatatu moja asubuhi Sista Severa mwenyewe aliletwa akitetemeka kwa homa, akalazwa kitanda namba nne. Mwanafunzi Mboni akampima jinsi alivyofundishwa: joto thelathini na tisa, mapigo mia na kumi na nane, pumzi ishirini. Daktari Augustino akasoma, akasema malaria, akaandika klorokwini, akaenda zake.

Evarista aliingia zamu saa nane mchana. Aliisoma chati, akamtazama mgonjwa. Tundu za pua zilikuwa zinatanuka kila akivuta hewa, na midomo imepauka. Basi kisasi hakikuhitaji sumu wala uchawi. Angeiacha tu ile ishirini ilale pale ilipolala. Nani angemlaumu? Moyo wake ulifurahi, tena sana.

Akamshika kifundo cha mkono, kama anayehesabu mapigo, ndivyo inavyofanywa ili mgonjwa asibadili pumzi zake. Lakini Severa aliijua hila hiyo. Alimkazia macho ya mtu anayezama.

Thelathini na sita. Presha tisini kwa sitini. Evarista alikaa na namba hizo, akawaza jinsi mama yake alivyokuwa akimtazama sista huyuhuyu mlangoni, akimngoja ahesabu. Halafu akaandika thelathini na sita, kwa tarakimu kubwa, akakata ishirini ya Mboni.

"Mboni, mkimbilie daktari. Mwambie mapafu, tena presha iko chini. Kimbia!"

Walipobaki wawili Severa akanong'ona, "Ngapi?"

"Ishirini, Sista," Evarista akajibu taratibu.

Machozi yakamtoka Severa. Alijua hiyo ni ishirini yake mwenyewe. Evarista hakumfuta.

Oksijeni ililetwa, penisilini ikachomwa, na baada ya wiki mbili Severa akaweza kuketi. Ndipo Evarista alipofungua kanga, akamwekea ile chati mapajani.

"Huyu ni mama yangu. Utaifundisha hii darasani, kwa mdomo wako, la sivyo itafika kwa metroni."

Severa aliisoma kwa muda mrefu. Kisha akaikunja, akaiweka chini ya mto.

Siku aliyorudi kazini alisimama mbele ya wanafunzi, chati mkononi, sauti bado dhaifu.

"Mgonjwa Hyasinta. Saa kumi alasiri. Pumzi ishirini."

Mboni akanyoosha mkono. "Si za kawaida hizo, Sista?"

Severa alitafuta pa kuangalia, akakutana na Evarista, aliyekaa mstari wa mbele makusudi.

"Saa kumi," akasema, "alikuwa ameshakufa."

Evarista alisikia utamu wa maneno hayo hadi kooni, wala hakuona haya.

"Soma tena, Sista," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."