Jamaa wa Mbali wa Jama

Kadhi alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomchosha Leylo. Laiti angekuwa mkali, maswali yangekwisha upesi.

"Mke wa marehemu?"

"Alifariki."

"Wazazi wake?"

"Walifariki."

"Watoto?"

"Alikuwa mmoja tu, mama yangu. Alifariki nikiwa na miaka minne."

Aliyekufa ni babu yake, Jama, mchinjaji wa Majengo, na alichoacha ni ploti ya vyumba vinne vinavyolingana, nyuma ya msikiti. Leylo alizaliwa humo, akalelewa humo, na sasa alikuwa akilala humo peke yake na redio ikiwa imewashwa, asisikie kimya cha chumba cha pili. Watu wa Majengo, ambao kila mmoja ni shehe nusu inapofika mirathi, walikuwa wamekwisha kumhukumu: mtoto wa binti hana fungu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Hana fungu wakiwapo wenye mafungu, wala hapati kitu akiwapo mwanamume yeyote wa ukoo wa baba, hata awe binamu wa mbali namna gani. Wasipokuwapo hao wote, zamu ni ya jamaa wa tumbo, yaani ndugu wanaounganishwa na marehemu kupitia mwanamke.

Ndiyo maana kadhi aliuliza, na ndiyo maana tangazo lilikaa siku thelathini kwenye gazeti la serikali na likasomwa misikitini Meru, Maua na Isiolo. Baba yake Jama alikuja mjini peke yake akiswaga mbuzi, na hakuna wa ukoo wake aliyejitokeza.

"Ndugu? Baba wadogo? Watoto wao?"

"Hakuna. Hakuna. Hakuna."

Jirani yake, mama Osob, aliketi nyuma kama shahidi. Asubuhi alikuwa amemwonya wakinywa chai. "Kuna yule mzee wa Kianjai, ndugu ya mama ya Jama. Usimtaje. Hata hajui kama kuna kesi. Ukinyamaza, ploti ni yako yote. Ukimtaja, ataleta dalali wauze, utaenda wapi?"

Leylo alikubali. Si mwizi, ila alikuwa na hofu, na hofu haina adabu. Nyumba ile ndiyo iliyobaki kumjua.

"Upande wa mama yake marehemu," kadhi akasema, kalamu mkononi. "Mama mkubwa, mama mdogo, mjomba. Yupo aliye hai?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa amelisema asubuhi nzima, na mdomo ulikuwa umelizoea. Lakini alichoka nalo ghafla. Alitamani kusema, japo kuhusu mtu mmoja tu, kwamba yuko.

"Yuko mjomba wake," akasema. "Mzee Murungi. Alisilimu zamani na dadake. Yuko hai."

Nyuma, mama Osob alikohoa kwa hasira.

Mzee aliletwa baada ya wiki mbili, kwa bodaboda, kanzu yake ikiwa na vumbi hadi kiunoni. Kadhi aliwaeleza taratibu. Leylo anasimama mahali pa mama yake, yaani binti wa marehemu: nusu. Mzee anasimama mahali pa dada yake, yaani mama wa marehemu: sudusi, sehemu moja ya sita. Kinachobaki, kwa kuwa hakina mwingine wa kukichukua, kinawarudia wao wawili kwa kadiri hiyohiyo. Robo tatu kwa msichana, robo kwa mzee.

"Chumba kimoja," akasema kadhi. "Au mkiuza, robo ya bei."

Nje, kwenye ngazi, Leylo alijikaza. "Babu, utauza?"

"Niuze?" Mzee alimtazama muda mrefu, akimtafutia sura ya dada yake asiipate. "Mjukuu, kule Kianjai Mwislamu ni mimi tu. Ndugu zangu ni watu wazuri, lakini mimi nikifa watanivalisha suti, waite kwaya, wanizike na jeneza. Watafanya kwa mapenzi. Nimewaambia, wanacheka, wanasema wewe hufi leo." Akakung'uta vumbi la kanzu. "Mimi nataka hicho chumba tu. Nikae karibu na mtu wa kuwaita watu wa msikiti siku hiyo ikifika."

Leylo alielewa. Wiki mbili alikuwa akiogopa mzee angemtoa nyumbani. Hakufikiria kuogopa jambo hili.

"Uko na miaka ngapi, babu?"

"Themanini. Na moyo si mzuri, daktari amesema."

Alitaka kumwambia arudi Kianjai. Alitaka kumwambia kwamba amekwisha kuzika watu wa kutosha, kwamba hana nafasi ya kuzoea kikohozi kingine cha upande wa pili wa ukuta. Badala yake akampokea mzee mfuko wake wa nguo, ukawa mwepesi mno, wa mtu asiyetarajia kukaa sana.

"Chumba chako kinavuja kidogo pembeni," akasema. "Kesho nitaita fundi."